Bango la Kinamasi cha Saiwa

Bango la makazi ya wanyama huanza na mandhari. Wanyama hubandikwa baadaye. Kwa shule za Kitale, mfano uko karibu: kinamasi cha Saiwa.

Karatasi ya manila hupakwa rangi: anga juu, miti katikati, maji na matope chini. Huachwa ikauke kabisa, kwani karatasi yenye unyevu hujikunja.

Kisha picha hukatwa: nzohe, korongo mwenye taji, tumbili mwenye ndevu nyeupe, na matete mengi. Hupangwa kwanza bila gundi. Kila mnyama hukaa anapoishi. Tumbili hukaa mtini. Nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka, hukaa kwenye matope.

Kosa la kawaida ni nzohe anayeelea juu ya matete. Dawa yake ni kubandika kutoka nyuma kuja mbele: miti, halafu nzohe, mwisho matete yanayofunika miguu yake. Gundi iwe kidogo, tena pembeni tu. Walio mbele wawe wakubwa kuliko walio nyuma, la sivyo korongo atampita nzohe kimo.

Mandhari kwanza, wanyama baadaye, matete mwisho.