Mkopo Mmoja, Mifuko Miwili

Leo nina hesabu. Kama uko mezani, chukua kalamu na karatasi. Kama uko njiani, usijali, nitaisoma polepole.

Tuwawazie mume na mke wanaotaka nyumba kule Kiamunyi. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi. Mke hununua viazi kwa wakulima wa Mau Narok na Molo, na kuviuza kwa jumla hapa mjini Nakuru. Hawana fedha za kununua nyumba taslimu, kwa hivyo wameomba mkopo wa pamoja, majina mawili kwenye mkataba mmoja. Tuseme wamepewa shilingi milioni 3, za kulipwa kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 9.5 kwa mwaka juu ya salio. Riba ya kiasi hicho imewezekana kwa sababu ya KMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2018 ili kuzipa benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu. KMRC yenyewe haimkopeshi mwananchi. Mwananchi hukopa kwa benki au chama chake. Kwa mkopo huo, marejesho ya kila mwezi ni shilingi 27,964.

Sasa wamerudi nyumbani. Nani atoe ngapi?

Wengi wetu hukimbilia nusu kwa nusu. Inasikika kuwa haki, tena haina maneno mengi. Kila mmoja atatoa 13,982. Lakini mwalimu, baada ya makato yote ya lazima, hupokea 48,000, na mkewe, ukipiga wastani wa mwaka, hubaki na faida ya 32,000 kwa mwezi. Nusu hiyo inachukua shilingi 29 katika kila mia ya mwalimu, na karibu shilingi 44 katika kila mia ya mkewe. Aliye na kidogo ndiye anayebanwa zaidi. Mwezi wa kwanza atavumilia. Mwaka wa pili ataanza kukopa kwenye simu ili atimize nusu yake, na hapo nyumba moja itakuwa inalipa riba mara mbili.

Njia ninayoitetea ni kugawa kulingana na kipato. Jumlisha vipato viwili: 48,000 na 32,000 ni 80,000. Gawanya kipato cha kila mmoja kwa jumla hiyo. Mwalimu ana 60 katika kila 100, mkewe ana 40. Basi marejesho nayo yakatwe vivyo hivyo: mwalimu 16,778, mkewe 11,186. Ukijumlisha unarudi kwenye 27,964, bila shilingi kupotea. Na kila mmoja sasa anatoa kama shilingi 35 katika kila mia anayopata. Uzito ni mmoja ingawa fedha si sawa.

Kugawanya ni kazi ya kikokotoo. Pagumu ni pale pa kukubaliana kipato ni kipi, na hapo ndipo nimeona ndugu wakinuniana na wanandoa wakilala bila kusemezana.

Anza na mwenye mshahara. Asilete ile jumla iliyoandikwa juu kwenye hati ya mshahara, kwa sababu haipati mkononi. Ushuru wa mapato unakatwa, pensheni inakatwa, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5. Hayo yote hana hiari nayo, kwa hivyo ni haki ayatoe kwanza. Lakini kuna makato mengine aliyoyataka mwenyewe: akiba ya chama cha mikopo, mkopo wa gari, mchango wa kikundi cha ustawi. Hayo asiyatoe. Akiruhusiwa kuyatoa, anaweza kujipunguzia fungu lake kwa kuongeza tu akiba yake, na tofauti ikaangukia mwenzake. Iwe hivi: makato ya sheria yaondoke, makato ya hiari yabaki ndani ya hesabu.

Mfanyabiashara naye apimwe kwa kipimo hicho hicho. Mama wa viazi anaweza kuuza mzigo wa laki mbili kwa mwezi, lakini hiyo ni fedha ya mkulima, ya lori, ya wapakiaji, ya ada ya soko. Kipato chake ni kile kinachobaki baada ya wote hao kulipwa. Kosa la kawaida ni kumpima mmoja kwa kinachobaki na mwingine kwa kinachopita mikononi. Na hesabu yake isiwe ya mwezi mmoja. Achukue miezi 12 mfululizo, ajumlishe faida, agawanye kwa 12. Asiyeweka daftari aanze leo, hata kama ni la shilingi 50, kwa sababu bila daftari anabaki kukisia, na makisio ya mtu kuhusu kipato chake hufuata hali ya moyo wake siku hiyo.

Hapa sisi wa Bonde la Ufa tuna jambo letu. Fedha nyingi za eneo hili zinafuata mvua na mavuno. Tuseme mama huyu ana miezi minne mizuri ya faida ya 56,000, na miezi minane ya 20,000. Jumla ya mwaka ni 384,000, ndiyo maana wastani ni 32,000. Lakini katika mwezi wa 20,000, ile 11,186 ni zaidi ya nusu ya alichopata! Atashindwa, na atasemwa kuwa hana nia, ilhali nia anayo.

Dawa ni kumwacha atoe shilingi 35 katika kila mia ya faida ya mwezi husika. Mwezi mzuri atatoa 19,600, yaani kama 8,400 zaidi ya fungu lake. Mwezi mwembamba atatoa 7,000, pungufu ya 4,200 hivi. Miezi minne ya ziada inaleta takriban 33,600, na miezi minane ya upungufu inakula takriban kiasi hicho hicho. Mwaka unajifunga wenyewe. Sharti ni moja, nalo ni zito: ile ziada ya mwezi mzuri ikae kwenye akaunti ya mkopo, isiguswe kwa karo wala kwa harusi. Na kama mkopo unaanza wakati wa miezi myembamba, wawili hao waweke kama 33,600 pembeni kabla ya marejesho ya kwanza. Wasipokuwa nazo, wangoje mavuno ndipo watie sahihi.

Mgao huu usiwe wa miaka 20. Mwalimu atapandishwa cheo, bei ya viazi itaanguka, mmoja ataugua. Ningeshauri wahesabu upya kila Januari, na pia kila kipato cha mmoja kinapobadilika kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Riba ikipanda, mgao haubadiliki, ni shilingi tu zinazobadilika: marejesho yakifika 30,000, mwalimu atatoa 18,000 na mkewe 12,000.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana jambo hili limeumiza watu. Benki haiijui asilimia 60 wala 40 yenu. Katika mkopo wa pamoja, kwa kawaida kila aliyetia sahihi anadaiwa deni lote. Mwenzako asipotoa lake, benki haikuulizi lako. Inataka 27,964 kamili, na marejesho yakichelewa, majina yote mawili yanaweza kupelekwa kwa mashirika ya taarifa za mikopo. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, kila mmoja ajiulize: nikibaki peke yangu, nitaweza? Kwa mwalimu, marejesho yote ni shilingi 58 katika kila mia. Kwa mkewe ni 87. Yeye hawezi, na ni afadhali wajue mapema. Waulize pia kama bima ya mkopo inawafunika wote wawili, kwa fungu lipi, au inamfunika mmoja tu.

Jambo la mwisho ni umiliki. Kulipa asilimia 60 hakumfanyi mtu kuwa mmiliki wa asilimia 60. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 14, inasema mali iliyo kwa majina ya wanandoa wote wawili huchukuliwa kuwa haki zao ni sawa, mpaka mmoja athibitishe vingine. Na Mahakama ya Juu, Januari 2023, katika kesi ya Ogentoto, ilisema kwamba usawa wa Katiba si kukata mali katikati moja kwa moja. Mchango wa kila mmoja huthibitishwa. Mchango huo, kwa sheria hiyo hiyo, si fedha peke yake. Kulea watoto, kutunza nyumba na kazi ya shamba ni mchango. Yule anayetoa 11,186 huku akiamka alfajiri kuwaandaa watoto asiambiwe kamwe kwamba ana nyumba kidogo.

Kwa ndugu wawili au marafiki wanaonunua ploti Lanet, sheria ya ndoa haiwahusu. Hao waandikishe mafungu yao wakati wa kusajili, kwa maana umiliki wa pamoja bila mafungu, ambapo mmoja akifariki haki yake humwendea aliyebaki wala si watoto wake, ni wa wanandoa tu, isipokuwa mahakama iruhusu. Wakili wa hapa mjini atawaeleza tofauti hiyo kwa muda mfupi. Waende kabla ya kulipa hata shilingi.

Na ushahidi wa mchango? Makato yote yakipitia mshahara wa mwalimu, huku mkewe akimrudishia fedha taslimu jioni, karatasi zitasema mwalimu ndiye aliyelipa yote. Fungueni akaunti moja ya majina mawili. Kila mmoja atume fungu lake humo siku chache kabla ya tarehe ya benki, kwa M-Pesa au kwa akaunti yake, ili jina na tarehe vibaki, kisha benki ikate humo. Halafu andikeni ukurasa mmoja: vipato tulivyotumia, asilimia tulizokubaliana, mwezi wa kuhesabu upya, na itakuwaje mmoja akikosa kipato. Tieni sahihi wote wawili, mbele ya shahidi mnayemwamini.

Kama tayari mna mkopo wa pamoja na hamjawahi kukaa kuuhesabu, kaeni wikendi hii. Leteni hati ya mshahara na daftari la biashara, na msianze kugawa mpaka vyote viwili viwe mezani.