Maumbo Matatu ya Kitenzi cha Kiingereza

Leo nataka kusema nanyi juu ya kosa moja la Kiingereza ambalo huonekana sana katika barua na katika madaftari ya wanafunzi. Mtu huandika "have went" pahali pa "have gone", au "was wrote" pahali pa "was written". Tutazame kwanza asili ya kosa, kisha njia ya kuhakikisha neno lililo sahihi.

Katika Kiswahili shina la kitenzi halibadiliki. Twasema niliandika, nimeandika, na barua imeandikwa. Mwanzo na mwisho hugeuka, lakini "andik" ni lile lile. Kiingereza sivyo. Kitenzi chake kina maumbo matatu, mathalan "write, wrote, written", na "go, went, gone". Vitenzi vilivyo vingi havitutaabishi, maana umbo la pili na la tatu ni moja: "work, worked, worked". Mwanafunzi huzoea hivyo, akadhani ya kuwa umbo la pili latosha kila mahali. Hapo ndipo anapokosea.

Kanuni ni hii. Umbo la pili husimama peke yake: "I went", "he wrote". Umbo la tatu, linapokuwa kitenzi cha sentensi, halisimami peke yake; sharti litanguliwe na neno la kusaidia. Maneno hayo ni "have, has, had", au yale ya ukoo wa "be", kama "is, was, were, been". Basi, ukiisha kuandika kitenzi, rudi nyuma ukatafute msaidizi. Akiwapo, tumia umbo la tatu. Asipokuwapo, usiseme "I seen" wala "I done", bali "I saw" na "I did".

Jihadhari, kwani msaidizi huweza kuwa mbali kidogo. Katika "has never gone" neno "never" limeingia kati. Katika swali "Was the letter written?" barua yenyewe imeingia kati. Kitenzi kingali chini ya amri ya msaidizi wake.

Sasa tuchukue sentensi moja: "My brother has went to Mombasa, and this letter was wrote by my uncle." Mbele ya "went" pana "has", kwa hiyo twataka umbo la tatu. Tufungue kamusi ya Kiingereza, tutafute umbo la kwanza, yaani "go". Kando yake tutaona "went" kisha "gone". Baadhi ya kamusi huweka alama "pt" kwa umbo la pili na "pp" kwa umbo la tatu. Twachukua la "pp": "has gone". Kisha, mbele ya "wrote" pana "was". Tutafute "write", nasi twaona "wrote" na "written". Basi ni "was written".

Ukikuta neno moja tu, kama "brought" kando ya "bring", jua ya kuwa latumika kwa umbo la pili na la tatu pia. Kama hakuna neno lo lote, kwa kawaida kitenzi hicho huongezwa "ed" tu. Wala usikisie kwa sikio. Umbo la tatu la "come" ni "come" tena, na la "run" ni "run". Kwa hiyo "has came" na "has ran" ni makosa, ingawa sikio huyakubali.

Labda mtu atauliza, mbona "went" haifanani na "go"? Sababu ni kwamba si mwana wake wa kuzaliwa. Zamani "went" lilikuwa umbo la kitenzi kingine, "wend", kama vile "sent" lilivyo la "send". Kitenzi "go" kililichukua likawa umbo lake la pili, lakini umbo la tatu kilibaki na lake lenyewe, "gone".

Tena, msishangae mkisoma vitabu vya kale. Mwaka 1751 shairi mashuhuri la Thomas Gray lilipigwa chapa mara ya kwanza kwa jina la "An Elegy Wrote in a Country Church Yard". Siku zile waandishi wema walitumia "wrote" hivyo. Leo Kiingereza cha shuleni hakikubali, husema "written". Na "gotten" ni desturi ya Amerika hata leo, ambapo Waingereza kwa kawaida husema "got". Kwa hiyo tazameni kamusi ya siku hizi, na mwangalie ni ya nchi gani.

Chukueni barua moja mliyoiandika kwa Kiingereza, mpige mstari chini ya kila "have", "has", "had" na "was", kisha mkitazame kitenzi kinachofuata.