Kijitabu cha Mfanyakazi: Utangulizi Unasema Nini?

Mfanyakazi mpya akipewa kijitabu cha kanuni za kazi, mara nyingi hukimbilia ukurasa wa likizo na kuuruka utangulizi. Ilhali utangulizi ndio unaoeleza kijitabu kimekusudiwa nini, kanuni zake zina nguvu kiasi gani, na zikibadilika atajulishwa vipi.

Kijitabu huandikwa ili wafanyakazi wote wa mwajiri mmoja waongozwe kwa kanuni zile zile. Hata hivyo, hakiwezi kuishinda sheria ya nchi. Tuseme kimeandikwa kwamba likizo ya mwaka ni siku 18. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili. Hapo zile 18 hazina nguvu. Kingesema 25, angepata 25, kwani sheria imeweka kiwango cha chini tu.

Mvutano hasa huzuka kwenye marekebisho. Utangulizi mzuri hutaja anayeyaidhinisha, na kwamba kila badiliko litatolewa kwa waraka wenye nambari, tarehe ya kuanza kutumika na ukurasa unaofutwa. Nakala isiyo na tarehe humwacha msomaji gizani, hata iwe imechapishwa vizuri namna gani.

Aidha, badiliko likigusa masharti ya mkataba, kama vile mshahara au saa za kazi, waraka pekee hautoshi. Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba, kisha amjulishe kwa maandishi.