Kuku, mboga au uyoga: tazama kwanza joto na maji

 

Kila nikitembelea majumbani, iwe Ibra, Sur au Nizwa, naulizwa swali hili: "Nina kipande cha ardhi nyuma ya nyumba na akiba kidogo. Nifuge kuku, nilime mboga au nioteshe uyoga?" Wengi wetu tunajibu kwa kukumbuka kule tulikotoka, ambako mvua ndiyo ilitupangia kazi. Hapa anayepanga ni joto.

Nitawaeleza habari za mama mmoja wa Ibra, kwa ruhusa yake. Mwezi wa Machi alitaka kutoa akiba yake yote anunue kuku hamsini wa mayai. Kiwanja chake ni hatua nane kwa kumi, kina mtende mmoja, na maji yake ni ya kisima. Nilimwomba asubiri. Kuanzia Mei joto la mchana huko hupita digrii 40. Kuku hatoki jasho. Anajipoza kwa kuhema. Ukimwona mdomo wazi na mbawa kazitenga na mwili, ameshaelemewa, na mayai yatapungua na maganda yatakuwa membamba. Joto likizidi, anakufa. Wenzetu wa Sur wasijidanganye kwa upepo wa bahari, maana hewa yenye unyevu inamzuia kuku asipoe kwa kuhema.

Basi tulianza na maji. Visima vingi vya huku vina chumvi. Alipanda maharage kwenye makopo mawili: moja akalimwagilia maji ya kisima, la pili maji ya kunywa. Baada ya wiki tatu yale ya kisima yalikuwa yameungua ncha za majani, na udongo umeota utando mweupe. Maharage ni dhaifu kwa chumvi, kwa hiyo yanatoa habari mapema. Hakuacha kulima, ila aliachana na maharage akachagua spinachi, ambayo huvumilia chumvi vizuri zaidi. Wanaokaa penye falaji wasifungue maji kwa kuwa tu yanapita karibu. Maji yale yamegawanywa kwa zamu, na kila zamu ina mwenyewe. Muulizeni wakili wa falaji kwanza.

Mwezi wa Oktoba, joto lilipopungua, alipanda matuta mawili: moja la spinachi, moja la figili. Figili huwa tayari kwa muda wa mwezi hivi, na majirani Waomani wanapenda majani yake pamoja na wali. Gharama ilikuwa mbegu na samadi tu. Kama ingeharibika, angepoteza kidogo.

Novemba ndipo alipoleta kuku, lakini kumi, si hamsini. Alinunua mitetea iliyokaribia kutaga, akawajengea banda la matawi ya mtende lililo wazi pande mbili. Kabla ya kununua tulipiga hesabu hii, nanyi ipigeni. Kuku mmoja wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kumi hula kilo moja na robo hivi. Mfuko wa kilo 50 unakwisha kwa siku 40 na kidogo. Wakitaga mayai saba kwa siku, mfuko mmoja unakupa karibu trei tisa na nusu. Nenda dukani uulize bei ya mfuko na bei ya trei. Ikiwa mfuko unagharimu zaidi ya trei tisa na nusu, unawalisha kwa hasara, na bado hujahesabu mitetea wala banda. Yeye aliona kuna faida ndogo, kwa sababu majirani watatu walikuwa wameshaahidi kununua.

Uyoga hakuuchagua. Uyoga wa mamama hauhitaji shamba, lakini unahitaji chumba chenye kivuli, kilicholoa unyevu, chenye digrii 20 hadi 28 hivi. Kiangazi ungelazimika kuwasha kiyoyozi usiku na mchana, na bili ya umeme ingekula uyoga wote. Unamfaa asiye na ardhi lakini ana stoo yenye ubaridi, na msimu wake ni Desemba hadi Februari. Aanze na mifuko mitano. Ukiona ukungu wa kijani kwenye mfuko, uutoe nje siku hiyohiyo kabla haujaambukiza mingine.

Kabla ya kuchimba au kujenga banda, pateni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Na kabla ya kuuza sokoni, tuulizane kuhusu kibali cha baladiya, kwa sababu kumpa jirani trei moja si sawa na kufungua biashara.

Yule mama alifika Aprili akiwa na akiba yake karibu yote, kuku tisa, na swali jipya: awauze kabla ya joto au awaweke? Tulikubaliana awauze watano na awabakize wanne, kwa sababu kivuli cha mtende mmoja kinawatosha hao tu.