Kuandika Upya Tangazo la Kiwanja: Mazungumzo na Wenye Viwanja vya Kuuza

Leo tutashughulika na tangazo moja tu, kwa kuwa tumeona kwamba tangazo moja likichambuliwa neno kwa neno humfaa msikilizaji kuliko orodha ndefu ya maonyo. Tangazo lenyewe tuliletewa na mama mmoja mjane, mwenye kiwanja Chanika, katika Wilaya ya Ilala. Ametupa ruhusa ya kulisoma mbele yenu, nasi tumeondoa jina lake, jina la mtaa na namba ya simu. Liliandikwa na dalali, likasambazwa katika makundi ya simu kwa miezi minne. Lilisema hivi:

"KIWANJA KINAUZWA CHANIKA! Kikubwa, kizuri sana, 20 kwa 20. Kimepimwa, hati ipo, huduma zote zipo, dakika 5 tu kutoka lami. Hakina mgogoro. Bei poa, milioni 9, maelewano. Wahi!!!"

Mama huyu hakuja kwetu kwa kukosa wapiga simu. Simu zililia mchana na usiku. Watu walifika kiwanjani, wakatazama, wakaondoka, na hawakupiga tena. Mmoja alimwambia waziwazi kuwa yeye ni tapeli. Neno hilo lilimuuma, kwa sababu katika tangazo lile hakuna hata neno moja alilolitunga yeye, na fedha alizihitaji kumalizia nyumba anayoishi na wajukuu wake.

Tulianza na vipimo. "20 kwa 20" ni ishirini ya nini? Tulipomuuliza, alijibu kwamba marehemu mumewe aliuziwa hatua 20 kwa hatua 20, mnamo mwaka 2011. Mlio wengi hapa mnazijua hatua hizo. Muuzaji hutembea, mashahidi huhesabu, na kijiti huchomekwa ardhini. Lakini hatua ya mtu si mita. Mtu wa kimo cha kawaida akitembea bila kujilazimisha hupiga hatua isiyofika sentimita 80, na msomaji wa tangazo akiona "20 kwa 20" huelewa mita, kisha huhesabu mita za mraba 400.

Tulikwenda na tepu ya mita 30, tukapima kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka. Upande wa mbele ulikuwa mita 17, upande wa nyuma mita 15, na kina chake mita 16. Hesabu yake ni nyepesi: 17 na 15 ni 32, nusu yake ni 16, na 16 mara 16 ni mita za mraba 256. Hapo ndipo siri ya wanunuzi wanaotoweka ilipofichuka. Kwa milioni 9 na mita za mraba 400, mnunuzi alikuwa akifikiria bei ya shilingi 22,500 kwa kila mita ya mraba. Alipofika na kupima, aliona kwamba kwa bei hiyo hiyo kiwanja kinastahili shilingi 5,760,000. Hakujisumbua kubishana juu ya tofauti inayozidi milioni tatu, maana mtu aliyekosea ukubwa kiasi hicho atakuwa amekosea na mengine.

Tunawaomba wauzaji wapime wenyewe, pande zote nne, na waandike kila upande kwa mita. Kiwanja kisicho mraba kamili kiandikwe jinsi kilivyo. Mnunuzi mwenye ramani ya nyumba mfukoni anataka kujua upana wa mbele kabla ya jambo lingine lolote.

Maneno mawili yaliyofuata yalitupotezea muda mrefu zaidi: "kimepimwa" na "hati ipo". Katika mauzo ya viwanja, hatulijui neno lililobebeshwa mizigo mingi kama "hati". Yupo anayeitaja akimaanisha hati miliki iliyosajiliwa, yupo anayemaanisha leseni ya makazi, na yupo anayemaanisha karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri katika ofisi ya serikali ya mtaa. Zote ni karatasi halali kwa kiasi chake, lakini hazimpi mnunuzi haki ileile, wala haziwezi kuwa na bei moja. Mama alipofungua bahasha yake, ndani mlikuwa na hati ya mauziano ya mwaka 2011, ina mashahidi na muhuri, na jina la mnunuzi lilikuwa la marehemu mumewe.

Na kupimwa? Mtaa ule umo katika urasimishaji wa makazi. Wapimaji walikuja, wakaweka mawe ya mipaka, kila mwenye kiwanja akatakiwa kutoa mchango wake. Mawe yapo na tuliyaona. Lakini ramani ya upimaji haikuwa imeidhinishwa, na mpaka iidhinishwe na kusajiliwa, kiwanja hakina namba ambayo mnunuzi anaweza kuipeleka ofisi ya ardhi kuulizia. Dalali aliona mawe akaandika "kimepimwa". Hatusemi alikusudia kudanganya. Tunasema aliandika mwisho wa safari ambayo iko katikati.

Ikiwa wewe una hati miliki yenyewe, andika namba ya kiwanja, kitalu, matumizi yaliyoandikwa humo, na miaka ya hati pamoja na mwaka ilipoanza. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 si sawa na ya miaka 99 iliyoanza mwaka jana. Kwa namba hizo mnunuzi ataomba upekuzi rasmi, atajua ni nani aliyesajiliwa na kama kuna mkopo wa benki uliowekewa kiwanja dhamana. Ila usipige picha ya hati ukaitundika hadharani. Picha hiyo ni mtaji wa waghushi. Nakala mpe mtu aliyekwisha kuja kiwanjani na kuonana nawe.

Sasa turudi kwa jina la marehemu. "Hakina mgogoro" ni maneno ambayo msomaji hana namna ya kuyahakiki, na kwa kweli yanamtia shaka, kwa kuwa hakuna anayeandika "kina mgogoro". Lililo na maana ni kusema anayeuza ni nani na anauza kwa mamlaka gani. Bahati njema, mama huyu aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, na watoto wake watatu, wote watu wazima, walikubali mauzo kwa maandishi. Karatasi hizo zilikuwa chini kabisa ya bahasha. Dalali hakuziuliza! Bila uteuzi ule, mjane hana uwezo wa kuuza mali iliyo katika jina la mumewe marehemu, hata awe ameilima na kuilinda miaka yote. Na muuzaji mwenye ndoa, kiwanja kikiwa cha familia, aseme kwamba mwenzi wake ameridhia na atatia saini.

Huduma na umbali hatutavikalia sana. Nguzo ya umeme iko mita 40 kutoka kiwanjani. Maji ya bomba hayajafika, majirani hununua ya boza au huchota kisima cha jirani kwa malipo. "Dakika 5" zilikuwa za bodaboda. Tulipima kilomita 1.8 za barabara ya udongo, na kwa miguu tulitumia dakika 25.

Palipokuwa na ubishi ni kwenye maji ya mvua. Kona ya nyuma ya kiwanja iko chini kuliko pengine, na wakati wa masika maji hutuama pale siku mbili au tatu. Tulipopendekeza liandikwe, mama alituuliza: "Wanangu, nikisema hivyo nani atanunua?" Swali ni la haki. Tulimwonyesha ukuta wa jirani, wenye mstari wa tope unaofika juu ya kifundo cha mguu. Kila mnunuzi aliyekuja aliuona mstari ule, akaondoka akikisia kuwa kiwanja chote huzama. Kukaa kimya kulikuwa kumefanya tatizo la kona moja liwe la kiwanja kizima. Lipo pia la sheria: chini ya Sheria ya Mikataba, aliyekubali mkataba kwa sababu ya maelezo yasiyo ya kweli anaweza kuomba mkataba huo utenguliwe. Muuzaji aliyekwisha kuzijengea fedha alizopokea atazirudisha kwa njia gani?

Ikabaki bei. Mama aliuliza kwa majirani wawili waliouza karibuni, akafanya hesabu kwa mita ya mraba badala ya kwa kiwanja, akaona milioni 9 haishikiki. Akaweka milioni 7, yaani kama shilingi 27,300 kwa mita. Ilimuuma, nasi hatukumficha kwamba ukweli ulikuwa umempunguzia tarakimu. Tulichomwambia ni kwamba milioni 9 zile hazikuwahi kuwa mkononi mwake.

Tangazo jipya likawa hivi:

"Kiwanja kinauzwa Chanika, Ilala. Mbele mita 17, nyuma mita 15, kina mita 16. Jumla mita za mraba 256, kimepimwa kwa tepu kati ya mawe ya mipaka. Mtaa uko katika urasimishaji: mawe yamewekwa, ramani haijaidhinishwa, hati miliki bado. Iliyopo ni hati ya mauziano ya 2011. Muuzaji ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Warithi wameridhia kwa maandishi. Umeme mita 40. Maji ni ya boza au kisima cha jirani. Kilomita 1.8 kutoka lami, barabara ya udongo. Kona ya nyuma hutuama maji siku 2 hadi 3 wakati wa masika, inahitaji kifusi. Sehemu iliyobaki ni kavu. Ardhi ni tambarare, kuna miembe miwili inayozaa. Bei milioni 7, mazungumzo kidogo kwa anayelipa kwa mkupuo. Kutazama ni Jumamosi na Jumapili asubuhi, njoo na tepu yako. Mauziano yatafanyika mbele ya wakili."

Miembe ile haikuwamo katika tangazo la kwanza, ingawa ndiyo kitu kizuri kuliko vyote pale. Aliyeandika "kizuri sana" hakuona haja ya kusema uzuri uko wapi. Picha nazo zilibadilishwa: moja kutoka barabarani, moja kutoka kila kona, na moja ya kona ya chini ikiwa na maji, aliyoipiga mjukuu wakati wa masika.

Simu zilipungua mno, na wiki ya kwanza mama alidhani tumemharibia. Katika wiki tatu walipiga watu sita, wakaja watatu. Wa pili alikuja na mkewe na fundi, akapima, akaomba kuona barua ya mahakama, kisha akauliza bei ya lori la kifusi. Walipatana shilingi 6,800,000, na jioni ya siku waliyotia saini kwa wakili, mama alituma ujumbe katika makundi yote kwamba kiwanja kimeuzwa, asisumbuke mtu kwenda kukitazama.