Chati Haichorwi kwa Jina Tu
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Igwachanya)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya takwimu serikalini. Nitasema juu ya jambo moja. Mara nyingi karatasi huletwa mezani imeandikwa hivi: "Tuchoree chati ya watu wa Njombe, ionekane tumeongezeka." Basi. Tarakimu hazimo, mafungu hayamo, wala miaka haimo.

Mtu mwepesi wa mkono atachukua sensa mbili anazozikumbuka na kuchora nguzo mbili. Tumfuate tuone anafika wapi. Sensa ya 2002 iliipa Wilaya ya Njombe watu 420,348. Sensa ya 2012 iliipa Halmashauri ya Wilaya ya Njombe watu 85,747. Tukichora sentimeta moja kwa watu 50,000, nguzo ya kwanza ina sentimeta 8.4, na ya pili 1.7. Atakayeitazama atadhani watu wetu wamekwisha!

Hawakwisha, ndugu zangu. Kilichobadilika ni mipaka. Kufikia 2012 Njombe ile ya zamani ilikuwa imegawanyika mafungu manne: Njombe Mjini watu 130,223, Makambako 93,827, Wanging'ombe, ambayo makao yake ni hapa Igwachanya, 161,816, na hao 85,747 wa Halmashauri ya Wilaya ya Njombe. Jumla yake ni 471,613. Nguzo ya pili basi ni sentimeta 9.4. Ongezeko ni watu 51,265, yaani kama asilimia 12 kwa miaka kumi. Jina "Njombe" lilikuwa lile lile, lakini eneo silo.

Ndiyo sababu ombi la namna hiyo hulirudisha kwa aliyeleta, pamoja na jedwali tupu. Mistari ya kulala ni ya mafungu: Njombe ipi, pamoja na nani? Mistari ya kusimama ni ya miaka: kutoka sensa ipi hadi ipi? Vyumba vyake ni vya tarakimu, na chini huandikwa zilikotoka. Akishindwa kulijaza, chati hiyo haijawa tayari kuchorwa. Akilijaza, mara nyingi huona mwenyewe kwamba alichotaka kujua ni kingine, kama vile Wanging'ombe peke yake.

Vijana, neno "ionekane tumeongezeka" lisiwaongoze. Hilo ni jibu lililotangulia hesabu. Chati kama ile ya nguzo fupi ikipelekwa kwenye kikao cha kugawa dawa za zahanati, watakaopungukiwa ni wagonjwa, nao hawamo kikaoni.