Uchambuzi wa Hali: Mahali Ambapo Maksi Hupotea
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Kazi yangu ni kusahihisha insha za wanafunzi wa biashara chuo kikuu. Leo nitasema juu ya sehemu moja tu ya mpango wa masoko, nayo ni uchambuzi wa hali. Wengi huchora visanduku vinne, yaani nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, wakavijaza, wakadhani wamemaliza. Kumbe visanduku ni muhtasari. Uchambuzi wenyewe hutangulia.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wasukaji 5 wa vikapu vya ukindu Dar es Salaam. Mwanafunzi ameandika chini ya fursa: "Kutangaza redioni." Hilo ni kosa. Jiulize hivi: kikundi kikivunjika usiku wa leo, jambo hili litabaki? Tangazo halitabaki, maana ni uamuzi wa kikundi, na mahali pake ni sura ya mikakati. Lakini marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019, itabaki. Hiyo iko nje ya kikundi.

Je, basi ni fursa? Hapa ndipo kazi ilipo. Baada ya marufuku, mifuko mbadala ya bei nafuu ilijaa madukani. Mshindani wa kikapu, kwa hiyo, si kikapu cha jirani bali ni mfuko huo. Mwanafunzi asikisie. Asimame kwenye lango la soko asubuhi, ahesabu wanunuzi 100, aandike kila mmoja amebeba nini, kisha awaulize wenye vikapu walivinunua wapi na kwa nini. Hesabu ya soko moja haisemi habari za jiji zima, naye aseme hivyo katika insha yake.

Kisha aingie ndani ya kikundi. Tuseme kila msukaji humaliza vikapu 4 kwa wiki. Wote pamoja ni 20. Duka likiagiza 200, watahitaji wiki 10. "Vikapu vyetu ni imara" ni sentensi inayopendeza, lakini hiyo 20 ndiyo inayoamua mpango mzima.

Mwisho, kila jambo mliloandika lifuatwe na maneno "kwa hiyo". Kikundi hutoa vikapu 20 kwa wiki. Kwa hiyo kisifukuzie maduka makubwa, kitafute wanunuzi wachache wanaolipa vizuri. Jambo lisilo na "kwa hiyo" lifuteni, hata kama ni kweli. Msomaji akifika sura ya mikakati aone imezaliwa hapa. Asipoona, maksi hupotea. Na kama kikundi ni cha kweli, hupotea fedha za wasukaji.